Dai la safari limerudishwa: "Mchanganuo hauonekani." Nirekebishe vipi bili ya hoteli na masurufu?

MsafiriWaKazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Dai langu la gharama za safari limerudi kutoka uhasibu likiwa na maneno machache ya kalamu nyekundu: "Mchanganuo hauonekani. Rekebisha."

Safari ilikuwa ya nje ya nchi. Nilifika Jumatatu, kazi ikaisha Ijumaa saa sita mchana, nikarudi Jumamosi. Tiketi ya ndege ofisi ilinunua yenyewe, kwa hiyo haimo humu. Posho ya chakula nililipwa kabla ya kuondoka, na mbali na hiyo nilipewa masurufu 6,000 kwa fedha ya nyumbani.

Hoteli nimelipa kwa kadi yangu, 534 kwa fedha ya kule. Benki imenikata 6,568.20, na juu yake tozo ya 131.36. Kwa taslimu nilinunua 200 za kule kwa 2,500. Nikatumia 140 kwa teksi na kuchapa nyaraka, zikabaki 60, nikaziuza niliporudi nikapata 708. Teksi za huku nyumbani kwenda na kutoka uwanja wa ndege ni 150 mara mbili.

Kwenye fomu niliandika hivi:

Hoteli: 6,699.56
Usafiri na mengineyo: 2,800.00
Jumla: 9,499.56
Toa masurufu: 6,000.00
Ninadai: 3,499.56

Niliambatisha slipu ya kadi, barua pepe ya kuthibitisha nafasi hotelini, na bahasha ya risiti za teksi. Mbona fedha zote zinaonekana? Wanataka mchanganuo gani zaidi?

Dereva_wa_Mbali

Mkuu, kwa usafiri usihangaike na risiti. Andika kilomita ulizotembea, zidisha kwa kiwango cha ofisi, ambatisha namba za mita ya gari za kuanzia na kumalizia. Ndivyo tunavyofanya sisi.

MsafiriWaKazi

Ahsante ndugu, ila sikutumia gari langu. Ni teksi zote.

Mama_Hesabu

Ndugu yangu, tuanze na hoteli, maana ndiyo iliyobeba karibu dai zima na ndipo mhasibu aliposimama.

Ulichoambatisha hakimwambii ulinunua nini. Slipu ya kadi inaonyesha kwamba fedha ilitoka, basi. Barua ya kuthibitisha nafasi inaonyesha ulichokusudia kabla ya kufika, na ungeweza kuondoka mapema au kughairi. Karatasi inayotakiwa ni bili ya mwisho ya hoteli, ile wanayokuchapia wakati wa kuachia chumba, yenye kila usiku kwenye mstari wake, kodi ya kila usiku, na kila ulichoandikiwa chumbani. Mwisho wa bili lazima kuwe na malipo yako na salio la 0.00. Bili yenye salio bado ni deni, na mhasibu makini hailipi. Kwa hiyo bili na slipu huenda pamoja: ya kwanza inasema ulinunua nini, ya pili inasema nani alilipa.

Kama hukuichukua, waandikie mapokezi ukiwatajia namba ya chumba na tarehe za kuingia na kutoka, wakutumie upya kwa PDF. Fanya hivyo leo. Ukishaipata, tuandikie hapa mistari yake yote.

Swali la pili: usiku wa Ijumaa ulilala kwa sababu gani? Kulikuwa na ndege ya kurudi Ijumaa jioni? Kama haikuwepo, usiku ule ni wa kazi na unadaiwa. Kama ilikuwepo ukaamua kubaki, ni wako. Jibu liandikwe kwenye fomu, lisisubiri kuulizwa.

MsafiriWaKazi

Mama, nashukuru sana. Ndege ya Ijumaa jioni ilikuwepo. Nilibaki kwa mambo yangu.

Bili wamenitumia ndani ya saa moja:

Chumba, usiku 5 × 90 = 450
Kodi ya malazi, usiku 5 × 4 = 20
Chakula cha jioni, mara mbili, 18 na 22 = 40
Kufuliwa nguo = 15
Friji ya chumbani = 9
Jumla 534, imelipwa kwa kadi, salio 0.00

Kifungua kinywa kimo kwenye bei ya chumba.

Kitu kingine kinachonichanganya: kwenye programu ya benki naona pia 100 ilishikwa siku niliyofika. Nayo nidai?

Mama_Hesabu

Hiyo 100 ni dhamana. Hoteli huomba benki iizuie, kisha huachiwa. Itafute kwenye taarifa ya benki ya mwisho wa mwezi, si kwenye programu. Kama haimo kwenye miamala iliyokamilika, hukuilipa na haidaiwi.

Sasa chukua bili yako na upite mstari kwa mstari.

Chumba na kodi kwa usiku 4 wa kazi: 4 × 94 = 376. Hii inadaiwa. Usiku wa tano, 94, unautoa pamoja na kodi yake. Watu wengi hutoa 90 wakaisahau ile 4, na hapo ndipo hesabu inapopishana na ya mkaguzi.

Vyakula vya jioni, 40, vinatoka. Ulishalipwa posho ya chakula, na ukidai chakula hichohicho kwa risiti unalipwa mara mbili. Siamini kwamba ulikusudia. Ni kwa sababu vilijificha ndani ya 534, na hiyo ndiyo hatari ya kuandika hoteli kwa mstari mmoja.

Friji ya chumbani, 9, ni yako. Nguo, 15, angalia kanuni zenu. Ofisi nyingi huruhusu kufua safari ikishapita idadi fulani ya usiku.

Usiifute wala kuikata hiyo mistari kwenye bili. Iache yote, pembeni ya kila mstari andika kwa kalamu "dai" au "binafsi", na chini, kama kanuni zenu haziruhusu nguo, uandike: 534 toa 158 ya binafsi, inabaki 376. Anayeidhinisha aone bili nzima na aone njia uliyopita kufika 376.

KiwangoHalisi

Naongezea hapo. Hiyo 376 usiibadilishe kwa kiwango cha benki yako. Tumia kiwango cha benki kuu cha siku ya kwanza ya safari, gharama zote. Ndicho kinachokubalika kisheria.

Fundi_Jedwali

KiwangoHalisi, hapo naomba nitofautiane nawe kidogo. Kuna ofisi zenye kanuni ya namna hiyo, na kama ya mleta uzi ni mojawapo, aifuate. Lakini pasipo kanuni hiyo, marejesho maana yake ni kumrudishia mtu alichotoa. Yeye alitolewa 6,568.20 kwa 534, yaani 12.30 kwa kila moja. Hicho ndicho kiwango chake cha kadi, na ushahidi wake ni taarifa ya benki. Taslimu alinunua 200 kwa 2,500, yaani 12.50, na ushahidi wake ni risiti ya duka la kubadilishia fedha. Viwango viwili kwenye dai moja si kosa. Kosa ni kutumia kimoja kwenye malipo ambayo hayakupitia hapo.

Mkuu mleta uzi, hesabu ya hoteli basi ni 376 × 12.30 = 4,624.80. Tozo ya benki usiidai yote. 131.36 ilitozwa kwa 534, asilimia 2. Sehemu ya kazi ni asilimia 2 ya 4,624.80, yaani 92.50. Kiasi ni kidogo, ila mhasibu akiona umegawa hadi tozo, hana haja ya kutilia shaka mengine.

Kwenye taarifa ya benki ziba miamala isiyohusika, lakini acha jina lako, tarakimu nne za mwisho za kadi, tarehe, na kiasi kwa fedha zote mbili. Wapo wanaoziba mpaka jina, halafu karatasi inakuwa haina mwenyewe.

Kama unapanga kwenye Excel, safu ya D iwe kiasi cha kule, E kiwango, F fedha ya nyumbani, na uandike:

```
=ROUND(D2*E2,2)
```

Bila `ROUND` seli uliyoipanga kwa desimali mbili inaonyesha 92.50 huku ndani imeshika 92.496. Ukijumlisha mistari mingi ya namna hiyo, jumla ya chini inaweza kupishana kwa senti na ile anayoipata mtu mwenye kikokotoo. Dai linarudishwa kwa senti moja, na unaweza kupoteza siku nzima kuitafuta.

KiwangoHalisi

Sawa, kwa kadi nakubali. Lakini posho inayolipwa kwa fedha ya kigeni bado hukokotolewa kwa kiwango rasmi, kwa sababu haina risiti. Hilo nasimama nalo.

Fundi_Jedwali

Kwa posho, mara nyingi ndivyo ilivyo. Hatupingani.

Salma_Ratiba

Samahani kwa kuingilia. Mimi hoteli nililipia kwenye tovuti ya kuwekea nafasi kabla ya safari, na mapokezi wamekataa kunipa bili ya chumba. Wanasema wao hawakupokea fedha kutoka kwangu. Uhasibu wangu nao wanataka bili ya hoteli. Nimekwama katikati.

Mama_Hesabu

Dada Salma, mapokezi wako sahihi. Uliyemlipa ni mwenye tovuti, kwa hiyo risiti inatoka kwake. Ingia kwenye akaunti yako ya ile tovuti, fungua nafasi yenyewe, utafute sehemu ya risiti au ankara, siyo ule ukurasa wa uthibitisho. Hotelini omba kitu kidogo tu: barua au bili ya mapokezi inayoonyesha jina lako, tarehe ya kuingia na ya kutoka, hata kama kiasi ni sifuri. Risiti ya tovuti inathibitisha malipo, karatasi ya hoteli inathibitisha kwamba ulilala. Mpe mhasibu zote mbili pamoja na maelezo ya sentensi moja.

Angalia pia jina lililoandikwa juu ya ankara. Kama ofisi yenu hurejesha kodi ya ongezeko la thamani, watataka jina na namba ya mlipakodi ya kampuni. Kubadilisha baada ya ankara kutolewa ni kazi ngumu, na baadhi ya tovuti hazibadilishi kabisa.

Bakari_Fomu

Mleta uzi, mimi nakushauri usichanganye masurufu na hoteli. Rudisha kwanza salio la masurufu kwa keshia, upewe stakabadhi, halafu dai la hoteli lipeleke peke yake. Ndiyo njia safi.

Mama_Hesabu

Bakari, njia hiyo ipo, na baadhi ya ofisi huitaka. Lakini kwa kuwa fomu yake tayari ina mstari wa "toa masurufu", ni lazima nitoe tahadhari.

Kwa njia yako: masurufu 6,000, matumizi ya taslimu 1,750 kule na 300 huku, jumla 2,050. Anarudisha 3,950. Kisha anadai hoteli na tozo yake, 4,717.30. Tofauti ni 767.30 anayobaki nayo.

Kwa njia ya fomu moja: gharama zote 6,767.30, toa masurufu 6,000, ofisi inamlipa 767.30. Jibu ni lilelile.

Balaa ni kuzichanganya. Mtu anarudisha 3,950 kwa keshia, halafu anajaza fomu ambayo inakata 6,000 nzima. Hapo ameshakatwa 3,950 mara mbili na hajui zimepotelea wapi. Kwa hiyo achague moja. Akishika njia yako, kwenye fomu ya hoteli mstari wa masurufu uwe sifuri, na namba ya stakabadhi ya keshia iandikwe papo hapo.

Na sasa, ndugu mleta uzi, uone kosa lako jingine la mwanzo. Uliandika 2,500 nzima kana kwamba umetumia 200 zote. Ulitumia 140, na 60 uliziuza ukapata 708 ambazo hazionekani popote. Kununua fedha ya kigeni si matumizi. Matumizi ni zile teksi.

Bakari_Fomu

Nimekuelewa mama. Hilo la kukatwa mara mbili sikulitazama.

MsafiriWaKazi

Limeniingia sasa. Teksi moja sina risiti, ya Alhamisi asubuhi, ingawa nyingine za njia hiyo zina risiti za 12. Dereva hakuwa nayo. Mwenzangu kazini anasema ninunue kitabu cha risiti nijaze mwenyewe, eti ni 12 tu. Na risiti mbili za teksi zimeanza kufifia.

Bi_Kumbukumbu

Kaka, usifanye hivyo hata kwa 1. Risiti uliyojiandikia ni ya kughushi, na ikigundulika haiharibu ile 12 peke yake, inatia shaka dai zima na yaliyotangulia. Uliza kama ofisi ina fomu ya tamko la kukosekana kwa risiti. Kama haina, andika karatasi yako: tarehe na saa, umetoka wapi kwenda wapi, kwa shughuli gani, kiasi, kwa nini hakuna risiti, kisha saini yako. Nyuma yake weka mwaliko wa kikao cha Alhamisi. Bahati nzuri una teksi nyingine za njia ileile zenye risiti za 12, na hizo zinaisemea hii.

Hizo zinazofifia zimechapwa kwa joto, hazina wino. Joto na mwanga huzifuta, na gundi ya utepe ukiupitisha juu ya maandishi huzifuta haraka zaidi. Zipige picha sasa hivi, juani lakini pasipo kivuli cha mkono, ionekane karatasi yote hadi pembe nne. Kisha bandika kwenye karatasi ya A4 kwa kingo tu, upande mmoja wa karatasi, zisifunikane, na usipitishe kalamu ya kung'arisha juu ya tarakimu. Pembeni ya kila moja andika namba inayolingana na mstari wa jedwali. Bahasha ya risiti zisizo na namba inamlazimisha mhasibu akufanyie kazi ya kulinganisha, naye atakurudishia.

MsafiriWaKazi

Nimekaa nalo jioni nzima. Jedwali jipya hili hapa. Kiasi cha mwisho cha kila mstari ni fedha ya nyumbani.

1. Jumatatu, teksi nyumbani hadi uwanja wa ndege: 150.00
2. Jumatatu, teksi uwanja wa ndege hadi hoteli, 35 × 12.50: 437.50
3. Jumanne, teksi hoteli hadi kwa mteja, 12 × 12.50: 150.00
4. Jumanne, teksi kurudi hotelini, 12 × 12.50: 150.00
5. Jumatano, kuchapa nakala za mkataba, 22 × 12.50: 275.00
6. Alhamisi, teksi hoteli hadi kwa mteja, tamko badala ya risiti, 12 × 12.50: 150.00
7. Alhamisi, teksi kurudi hotelini, 12 × 12.50: 150.00
8. Jumamosi, teksi hoteli hadi uwanja wa ndege, 35 × 12.50: 437.50
9. Jumamosi, teksi uwanja wa ndege hadi nyumbani: 150.00
10. Hoteli, usiku 4, Jumatatu hadi Alhamisi, 376 × 12.30: 4,624.80
11. Tozo ya benki, asilimia 2 ya mstari wa 10: 92.50

Jumla 6,767.30. Toa masurufu 6,000.00. Ninadai 767.30.

Jumatano na Ijumaa gari la mteja ndilo lililonichukua. Nguo nimeziacha, kanuni zetu zinaanzia usiku wa saba. Ninachoogopa ni mstari wa 8 na wa 9. Nilirudi Jumamosi kwa hiari yangu, je, teksi hizo ninaruhusiwa?

Mama_Hesabu

Unaruhusiwa, kwa sababu hata ungerudi Ijumaa ungezihitaji teksi zilezile. Isipokuwa kama za Jumamosi zilikuwa ghali zaidi, hapo ungedai ile ya Ijumaa tu. Kwako kwenda na kurudi ni 35 kwa 35, na 150 kwa 150, kwa hiyo halina mgogoro. Andika maelezo hayo kwenye mstari wa 8.

Mstari wa 5 uongezee mkataba wa nini na ulimpelekea nani. "Kuchapa nakala" pekee yake hakujibu swali la kwa nini hukuchapa ofisini kabla ya kuondoka.

Fundi_Jedwali

Hesabu nimeipitia, imekaa. Lakini mmesahau kitu. Zile 60 alizinunua kwa 750, akaziuza kwa 708. Amepoteza 42 kwa ajili ya safari ya kazi. Kwa nini asizidai? Dai lingekuwa 809.30.

Mama_Hesabu

Hapo mimi ningesita. Aliamua mwenyewe kununua 200. Angenunua 150 asingepoteza zaidi ya chache. Nimeona ofisi zikikataa kwa hoja hiyohiyo.

Bi_Kumbukumbu

Mama, kwa heshima, nchi ya kigeni mtu hawezi kujua teksi zitakuwa ngapi, na mteja ndiye aliyemwokolea safari za Jumatano na Ijumaa. Akiwa na risiti zote mbili za duka la kubadilishia, ya kununua na ya kuuza, naona ni gharama halali. Aiweke kuwa mstari wa 12 peke yake, na maelezo, ili wakiikataa wasiguse mingine.

MsafiriWaKazi

Risiti ya kununua ninayo. Ya kuuza niliiacha dukani. Nitapita kesho kuiuliza. Nisipoipata napeleka yenye mistari 11.